Nilivyofupisha wasifu wa baba mkubwa bila kumpamba

Baba mkubwa alifariki 2024 tukamzika Tabora, na siku ya maziko baba mdogo ndiye aliyepewa kazi ya kusoma wasifu. Nasema kusoma ila hakusoma, karatasi aliyoandikiwa aliikunja akaitia mfukoni akaongea kutoka kichwani dakika kama arobaini hivi, pale uani Isevya, jenereta linanguruma, watoto wanalia, MC anamnong'oneza kila saa kwamba padri anasubiri. Watoto wawili wa marehemu hawakuweza kufika, mmoja yuko Maskati kazini na mwingine Kanada, na mama mkubwa akasema anataka kitu kifupi kimeandikwa, yani nani alikuwa huyu mzee na familia ilisema nini, kiwekwe kwenye grupu la familia na kingine kichapishwe kikae kwenye faili pamoja na vyeti. Nikaambiwa mimi kwa sababu ndio nilirekodi na simu.

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Haikuwa, na nimeona niandike hapa maana najua kila ukoo siku hizi kuna mtu ataambiwa "wewe si unajua kuandika, tufupishie ile hotuba", halafu anajikuta ameingia kwenye mambo ambayo hakuyatarajia.

Kabla sijaanza, binamu yangu alishatuma ya kwake kwenye grupu, usiku uleule wa maziko. Nainukuu kwa kifupi kwa ruhusa yake, tulishapatana:

"Baba yetu mpendwa alikuwa shujaa aliyelipigania taifa katika vita vya Kagera, mfanyakazi hodari wa TRC, mjenzi wa kanisa, aliyewasomesha watoto wengi wa majirani, mume mwaminifu na baba wa mfano. Ameacha mke na watoto sita. Ameacha pengo lisilozibika."

Watu wakajaza emoji za kulia na amina amina. Imeandikwa vizuri, sina shida na Kiswahili chake. Shida ni kwamba mimi nilikuwa na rekodi, na karibu kila kipande cha hayo maneno kina kitu ambacho baba mdogo hakukisema. Na binamu sio muongo, alikuwepo pale pale, alisikia yale yale. Ndio maana nataka kueleza inavyotokea.

Nilianza kwa kusikiliza rekodi yote bila kuandika chochote. Hii nashauri sana hata kama una haraka, maana hotuba ya msibani haiendi kwa mpangilio, mtu anaanza na utoto anaruka kwenye ugonjwa anarudi kwenye harusi, halafu katikati anamsalimia mwenyekiti wa mtaa. Ukianza kuandika dakika ya kwanza utajikuta ukurasa mzima ni utangulizi. Na kiukweli mara ya kwanza hiyo sikuweza hata kuandika, sauti ya baba mdogo inafanana na ya marehemu, nilikuwa nasikiliza kwa spika ya masikioni kitandani usiku na machozi yanatoka. Nikaacha nikalala. Kama marehemu ni wako wa karibu, usiifanye kazi hii wiki ya msiba kama unaweza kukwepa, kwa sababu ukiwa kwenye hali ile kila sentensi unataka kuiongezea kitu.

Mara ya pili ndio nikaandika, nasimamisha naandika, nasimamisha naandika, na pembeni naweka dakika. Dakika ya 4 kuzaliwa, dakika ya 9 reli, hivyo. Hizo dakika zinasaidia baadaye mtu akibisha, unamwambia nenda dakika ya 22 kasikilize mwenyewe. Nilipomaliza nikapitia na kalamu za rangi, bluu kwa yanayohusu maisha ya marehemu, nyekundu kwa yale ambayo familia ilitaka watu wayajue au wayafanye, na yaliyobaki nikayaacha bila rangi: salamu kwa viongozi, utani na wazee wa reli waliokaa mbele, "MC niongezee dakika mbili", mistari ya Biblia, na yale ya baba mdogo mwenyewe kuhusu maisha yake.

Kutenganisha bluu na nyekundu sio rahisi kama inavyosikika. Baba mdogo alikuwa na kofia mbili pale mbele, ni ndugu anayemlilia kaka yake na pia ni msemaji wa familia, na anabadilisha kofia katikati ya sentensi. Kilichonisaidia ni kusikiliza anasemaje kabla. Akisema "familia imenituma niseme", au "sisi kama ukoo tumekaa jana", hapo ni ujumbe wa familia. Akisema "mimi naona" au "nyie vijana nisikilizeni", hapo ni yeye. Kwa mfano alitumia dakika nzima kuwaonya vijana kuhusu pombe, kwa ukali kweli, na watu wengi pale wakadhani ndio ujumbe mkubwa wa siku. Lakini hakutumwa hilo, lilimtoka. Nilimpigia simu kumuuliza akasema "hapana mwanangu, hilo langu, kwenye kikao hatukuliongea". Basi halikuingia kwenye ujumbe wa familia. Ukiliingiza unaifanya familia nzima, pamoja na mjane, ionekane imesimama mbele ya watu kukemea walevi, wakati haikufanya hivyo.

Sasa nirudi kwenye ile ya binamu, maana ndiyo darasa lenyewe.

Kuhusu Kagera, hiki ndicho baba mdogo alichosema, nimenakili kutoka kwenye rekodi:

"Vita ya Amin ile, kaka alikuwa anakwenda Mwanza na mabehewa, anakwenda anarudi, mama analia huku nyumbani anasema huyu ataishia vitani. Hakushika bunduki huyu! Alikuwa anashika bendera yake ile, kijani na nyekundu, tulikuwa tunamtania, tunamwambia Amin akija utampungia nyekundu asimame?"

Watu walicheka sana hapo, wazee wa reli ndio usiseme. Marehemu alikuwa gadi wa treni, yule anayekaa behewa la nyuma, na bendera ndiyo kazi yake. Sasa angalia safari ya hiyo habari. "Alikuwa kwenye treni za kwenda Mwanza wakati wa vita" ikawa "alihusika kwenye vita", "alihusika" ikawa "alipigana", "alipigana" ikawa "shujaa aliyelipigania taifa". Hakuna hatua hata moja ambapo mtu amekaa akaamua kudanganya. Na kumbuka msemaji alikanusha waziwazi, hakushika bunduki. Ukiandika shujaa umemfanya baba mdogo aonekane amesema kinyume cha alichosema. Halafu kuna watu wetu walipigana kweli 1978 na 1979, wengine wako mtaa huo huo, wanasoma.

Ada ya shule nayo hivyohivyo. Maneno yalikuwa: "alimlipia ada mtoto wa jirani hapa, yule pale amekaa amevaa shati jeupe, simama baba wakuone". Mtoto mmoja, akasimama, tukamuona. Kwenye grupu akawa "watoto wengi wa majirani". Na kanisa: baba mdogo alisema marehemu alikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi wa kigango, na alikuwa "mkali wa kuulizia risiti". Ikawa mjenzi wa kanisa. Binafsi naona ile ya risiti ni nzuri kuliko ya ujenzi, inakuonyesha mtu. Sifa ya jumla inafuta kitu halisi kilichokuwepo halafu inakaa mahali pake.

Kwa hiyo nikajiwekea utaratibu wa kukagua, na ndio naupendekeza kwa yeyote. Kila sentensi niliyoandika niliiuliza: je, kimoja kimekuwa vingi? Mara moja imekuwa kila mara? Kuwepo kumekuwa kuongoza? Hivyo vitatu vikishapita, nakata maneno ambayo hayana dakika kwenye rekodi. Mpendwa, hodari, mchapakazi, mcha Mungu, mcheshi, pengo lisilozibika. Nilitafuta kwenye rekodi yote, baba mdogo hakusema pengo lisilozibika hata mara moja. Hayo maneno tunayo mdomoni tayari kwa sababu tumeyasikia kwenye kila msiba na kila tangazo la vifo redioni, yanajiandika yenyewe, na ukishayaandika marehemu wako anafanana na marehemu wa jirani.

Hii haina maana ufute sifa zote. Msemaji akisifu, sifa ni sehemu ya hotuba. Baba mdogo alisema "kaka hakujua kuficha, kama amekukasirikia utajua leo leo". Nimeiweka, ila nimeiweka kama kauli yake, mdogo wake alimwelezea hivi, sio kama mimi mwandishi ndiye ninayetangaza. Na nimeiweka mara moja kwa sababu aliisema mara moja. Kuna kitu cha vipimo pia ambacho nilikiona nikihesabu zile dakika. Reli ilichukua karibu nusu ya hotuba, kanisa kama dakika mbili. Binamu na shangazi mmoja walitaka muhtasari uanze na imani yake na ujae hapo. Sikatai kwamba alikuwa na imani, ila ukibadilisha uzito wa vitu umempamba bila kuongeza hata neno moja la uongo.

Upande wa pili wa kupamba ni kupunguza, na hapa ndipo nilipopata joto la kweli. Dakika ya 22 baba mdogo alisema:

"Tusidanganyane hapa. Kuna miaka kaka pombe ilimchukua. Shemeji anajua, mimi najua, na nyie majirani mnajua. Aliacha mwenyewe mwaka 96. Akaja kwangu akaniomba msamaha, akaenda kwa mkewe akaomba msamaha."

Simu zilianza. Shangazi akasema hayo ya msibani yanaishia msibani, usiandike. Kijana wa Kanada alisema ukiandika wajukuu watasoma nini. Nikaelewa kabisa wanachosema, na sio kwamba kila neno la hotuba lazima liingie, muhtasari ni kuchagua. Lakini niliona hivi, msemaji alilisema mbele ya watu wote, alilisema kwa kukusudia maana alianza na tusidanganyane, na sehemu ya kuomba msamaha ndiyo iliyobeba kila alichosema baadaye kuhusu ndoa yao. Ukiitoa, zile dakika za ndoa hazieleweki. Uamuzi sikuufanya mimi, nikampelekea mama mkubwa, yeye ndiye aliyeishi hayo. Akasema "andika kama shemeji alivyosema, usizidishe". Kwa hiyo nikaandika pombe ilimsumbua kwa miaka kadhaa, aliacha mwenyewe 1996, akaomba msamaha. Sikuandika mlevi, kwa sababu baba mdogo hakusema mlevi. Na "mume mwaminifu" ya binamu ikatoka, haikuwepo kwenye rekodi, na mama mkubwa aliposomewa hiyo alicheka tu.

Kubwa zaidi lilikuwa la watoto. Binamu ameandika watoto sita. Baba mdogo alisema, na hapa alitoa ile karatasi mfukoni kwa mara ya kwanza akaisoma ili asikosee: "Familia imenituma niwatangazie, watoto wa marehemu ni saba, sio sita. Wa kwanza alizaliwa kabla ya ndoa, yupo hapa, ukoo umemtambua." Hii sio ya bluu tu, ni ya nyekundu, ni tangazo. Familia ilikaa kikao ili itamkwe siku ile. Ukiandika sita, hata kama ni kwa mazoea kwa sababu sita ndio tuliokuwa tunawajua, unaenda kinyume na uamuzi wa ukoo, na baadaye kikao cha ukoo kinakuja kumpendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari wake unapelekwa mahakama ya mwanzo na warithi wanaorodheshwa, halafu mtu anatoa simu anasema mbona kwenye grupu mliandika sita. Yule kaka mkubwa aliisoma ile ya binamu usiku ule. Hakusema kitu kwenye grupu, alimpigia mama mkubwa tu akauliza kama mambo yamebadilika.

Kwa hiyo ukiwa na muda mdogo, anza na nyekundu. Ujumbe wa familia hauvumilii kukosewa, una tarehe, una majukumu, una jina la mtu wa kuonwa. Maisha ya marehemu ukiacha kisa kimoja hakuna atakayeumia.

Kuna na makosa ya msemaji mwenyewe, maana mtu anaongea kutoka kichwani na amefiwa. Baba mdogo alisema marehemu alizaliwa 1952, dakika ishirini baadaye akasema amefariki akiwa na miaka 74. Piga hesabu, haikubali. Msalaba kaburini umeandikwa 1950. Nilimuuliza, akasema 1952 ndio ya kitambulisho, miaka 74 aliambiwa na mama mkubwa. Tukatafuta cheti cha ubatizo, kinasema 1950. Sasa usirekebishe kimyakimya, kwa sababu aliyesikia hotuba atadhani wewe ndiye umekosea. Nimeandika 1950 na kwenye mabano nikaeleza kwamba kwenye hotuba ilitajwa 1952.

Lingine alisema "kaka aliingia TRC mwaka 71". Mzee mmoja wa reli alishanong'ona pale pale, maana 1971 hakukuwa na TRC, reli ilikuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mpaka ilipovunjika 1977, TRC ikaja baada ya hapo. Lakini mitaani kwetu kila mtu anaita TRC, hata ukimuuliza babu atakwambia TRC. Hapo sikuona haja ya mabano, nimeandika alianza kazi reli 1971, ni kweli na ndicho alichomaanisha. Kwenye tarehe ya kuzaliwa huwezi kukwepa hivyo, kwenye jina la shirika unaweza.

Na kile unachokijua wewe ila hakikusemwa, kiache. Mimi nilikesha hospitali, najua ugonjwa, najua dakika za mwisho zilikuwaje. Baba mdogo alisema tu "aliugua kwa muda". Nikaandika aliugua kwa muda. Watu wa grupu waliniuliza pembeni mbona hujaweka, nikawaambia familia ikitaka kusema itasema.

Huu hapa muhtasari wenyewe, nimetoa vitu vichache vya kututambulisha na tarehe ya arobaini:

"Muhtasari wa wasifu uliotolewa na mdogo wa marehemu siku ya maziko, Tabora, 2024.

Maisha. Marehemu alizaliwa 1950 (kwenye hotuba ilitajwa 1952; familia imethibitisha 1950 kwa cheti cha ubatizo). Alisoma hadi darasa la nane. Alianza kazi reli 1971 kama kibarua wa njia, akawa gadi wa treni, akastaafu 2005. Wakati wa vita vya Kagera alisafiri na treni za mizigo kwenda Mwanza. Msemaji alisisitiza kwamba hakuwa mpiganaji. Msemaji alieleza kwamba kwa miaka kadhaa pombe ilimsumbua, akaacha mwenyewe 1996 na akaomba msamaha kwa mkewe na kwa mdogo wake. Baada ya kustaafu alikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi wa kigango, ambako alijulikana kwa kudai risiti. Alimlipia ada ya shule kijana mmoja wa jirani, aliyekuwepo msibani. Mdogo wake alimwelezea kuwa mtu asiyeficha anapokasirika. Aliugua kwa muda kabla ya kufariki. Ameacha mke na watoto saba.

Ujumbe wa familia. Familia inawashukuru majirani, jumuiya, wafanyakazi wenzake wa zamani na waliomhudumia hospitali. Familia imetangaza kwamba watoto wa marehemu ni saba na ukoo umewatambua wote. Anayemdai marehemu au anayedaiwa naye amwone mdogo wa marehemu kabla ya arobaini, na anayedai aje na ushahidi. Mjane ataendelea kuishi kwenye nyumba ya Isevya. Familia inaomba mtu yeyote asimfuate kuhusu mali mpaka kikao cha ukoo kikae baada ya arobaini."

Hayo ndiyo yote, dakika arobaini zimekuwa ukurasa mmoja. Utaona yale ya "kaka, ulituambia hivi, kaka, umeniachia nani" hayamo. Baba mdogo aliongea na marehemu moja kwa moja kwa muda mrefu, na mahali fulani akanyamaza kabisa. Nilijaribu kuandika "msemaji alizidiwa na majonzi" nikaifuta, hiyo ni habari ya siku ile, sio ya maisha ya mzee wala sio ujumbe. Ile nukuu ya bendera nayo imebaki nje, na iliniuma kweli, ila utani ukiufupisha unakufa, nimeiacha kwenye rekodi kwa anayetaka kusikia.

Kabla ya kutuma nilimsomea baba mdogo kwa simu neno kwa neno, sikumtumia maandishi kwa sababu macho yanamsumbua na nilijua atasema "safi" bila kusoma. Alinisimamisha sehemu moja. Nilikuwa nimeandika "mjane hatatolewa kwenye nyumba", akasema hapana, sikusema hivyo, hiyo inaonyesha kuna mtu anataka kumtoa, mimi nilisema ataendelea kuishi. Tofauti ndogo lakini ni ya kesi. Kisha nikamsomea mama mkubwa, kisha kaka mkubwa yule wa kwanza, na hapo ndipo nikaweka kwenye grupu.

Gharama kama mnataka kujua, bando la kupiga simu huko na huko lilikwenda, stationari ya kuchapisha nakala tatu ni hela ndogo. Iliyonigharimu zaidi ni binamu, alijitoa kwenye grupu siku nilipotuma, akasema nimemfanya baba mkubwa awe kama ripoti ya polisi. Nilimfuata kwake tukaongea, nikampa spika asikilize dakika ya 22 na ile ya watoto. Hakukubali kila kitu. Aliniambia muhtasari wangu ni mkavu na yeye ana haki ya kumsifia baba yake mkubwa, na hapo ana hoja kabisa. Tulichokubaliana ni kwamba muhtasari ukae kama ulivyo, na chini yake kila mwenye la kusema aliandike kwa jina lake mwenyewe, kwamba mimi fulani namkumbuka hivi. Yeye akawa wa kwanza, akaandika marefu, shujaa imo humo, pengo lisilozibika limo, na sasa hivi wazee wa reli wameanza kutuma za kwao kwa sauti, nimeombwa na hizo nizifupishe.